Swali Linaloshikika

Alikuja nyumbani baada ya sala ya alasiri, siku ya Ijumaa, na daftari jipya mkononi ambalo hata mgongo wake ulikuwa haujavunjika. Alikuwa kijana wa huku huku Pemba, mwanafunzi wa chuo, mwaka wa mwisho. Alikaa juu ya mkeka, akanisalimia kwa adabu zote alizofunzwa, akanambia: "Maalim, nimetakiwa niandike utafiti wa historia. Nimeshachagua mada." Akafungua daftari. Katika ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa zilizopigiwa mistari miwili chini yake, aliandika: Utumwa na Athari Zake katika Jamii ya Pemba.

Nilimuuliza una muda gani. Miezi mitatu. Una fedha kiasi gani? Akacheka. Basi nikamuuliza swali ambalo nimewauliza wanafunzi wengi, na ambalo wengi hawalipendi: "Jumatatu asubuhi, mwanangu, ukishakunywa chai, utafungua kitu gani ukisome?"

Hakuwa na jibu. Akataja vitabu. Vitabu vipo, na vingine ni vizuri sana. Profesa Abdul Sheriff alitoa chake juu ya watumwa, viungo na pembe mwaka 1987. Frederick Cooper, Mmarekani, ameandika juu ya utumwa wa mashamba mwaka 1977, na mwaka 1980 juu ya namna watumwa wa Unguja, Pemba na pwani ya Kenya walivyogeuka kuwa wakaazi wa mashamba ya watu. Lakini mtu anayesoma vitabu hivyo halafu akaviandika upya kwa maneno yake hajatafiti utumwa. Ametafiti vitabu. Si dhambi, lakini ndiyo kazi ile ile tunayowafanyisha watoto wa darasa la kumi.

Nataka niseme kilichotokea baada ya siku ile, kwa sababu kimenifanya nifikiri juu ya jambo ambalo nilidhani ni la ufundi tu, la walimu na wanafunzi, kumbe ndani yake mna suala la haki. Suala lenyewe ni hili: mtu anapochukua jambo kubwa lililowaumiza maelfu, akalikata mpaka likawa swali dogo analoweza kulijibu, je, anawatendea haki wale maelfu au anawakimbia?

Kijana wangu alidhani anawakimbia. Nilipomwambia apunguze, alinitazama kama mtu anayetakiwa kutoa ushahidi wa uongo. "Maalim," akasema, "watu wameuzwa, wamepigwa, wamechumishwa karafuu za wenzao umri wao wote, na wewe unataka nichukue kijiji kimoja na mwaka mmoja?" Sikumjibu pale pale. Hoja yake ilikuwa na uzito, na mtu mzima asiharakishe kumshinda kijana kwa sababu tu ana umri.

Kwanza tulianza na lililo jepesi, nalo ni wakati. Utumwa Pemba haukuwa kitu kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kikapita Pemba bila ya kuiharibu kwa kiasi kile, na tangu hapo karafuu nyingi za dola zikawa zinatoka huku kwetu. Mwaka uliofuata, 1873, Sultan Barghash alitia saini mkataba na Waingereza wa kukomesha usafirishaji wa watumwa baharini na kufunga soko. Kwa hiyo mahitaji ya mikono yalipanda Pemba wakati ule ule ambapo njia ya kuileta mikono hiyo ilipigwa marufuku. Halafu ikaja amri ya tarehe 6 Aprili 1897 ya Sultan Hamoud bin Mohammed, iliyoondoa hadhi ya utumwa mbele ya sheria.

Nilimtaka aisome amri ile yenyewe, wala si muhtasari wake. Aliporudi alikuwa na uso mwengine. Alikuwa akiamini, kama tunavyoamini wengi, kwamba siku ile minyororo ilifunguliwa. Amri haikusema hivyo. Ilisema kwamba mahakama haitatambua tena dai la mtu kummiliki mtu. Mtumwa aliyetaka uhuru wake utambuliwe ilimpasa aende mwenyewe akaombe. Akishapata, alitakiwa aonyeshe kwamba ana makao na njia ya kujikimu, la sivyo aweza kuhesabiwa mzururaji. Mwenye mtumwa aliyemmiliki kihalali alilipwa fidia na serikali. Na masuria hawakuingizwa. Walihesabiwa kama watu wa ndani ya nyumba, mfano wa wake, mpaka amri nyengine ya mwaka 1909.

"Kwa hivyo," akasema, "mtu angeweza kukaa bila kwenda kuomba?"

Angeweza, na wengi walikaa. Na hapo, bila ya yeye kujua, mada yake ilikuwa imeshapata ufa wa kuingilia. Maana sasa hakuwa anauliza juu ya utumwa. Alikuwa anauliza juu ya watu fulani, katika miaka fulani, waliokuwa huru katika karatasi na ambao hakuna aliyejua kwa yakini walikuwa nani kwa majirani zao.

Tukajaribu kutunga swali. La kwanza alilolileta lilikuwa: watumwa wa Pemba walijisikiaje waliposikia habari ya amri? Ni swali zuri la kibinadamu, na mimi mwenyewe ningependa kujua jibu lake. Lakini nilimuuliza nani aliyewauliza wakati ule akaandika. Waliokuwa wakiandika ni maofisa na wamisheni. Farler, kwa mfano, ambaye alikuwa padri wa misheni ya UMCA huko Magila kabla hajawa ofisa wa mambo ya utumwa Pemba, aliandika ripoti nyingi, na zikachapishwa London pamoja na barua nyengine za Bunge la Uingereza. Makweka, wale Marafiki waliofungua misheni yao huku karibu na Chake Chake, nao waliandika, na aghalabu walilalamika kwamba kazi ya kuwaacha watu huru inakwenda polepole mno. Ofisa anataka wakubwa wake waone kwamba mambo ni shwari. Mmisheni anataka wafadhili wake waone kwamba si shwari. Baina ya wawili hao mtumwa mwenyewe kanyamaza. Swali la namna watumwa walivyojisikia linaweza kugeuzwa likawa swali la namna Waingereza walivyobishana juu ya watumwa, na hilo linajibika vizuri sana, lakini kijana hakulitaka. Alisema hakuja kutafiti Waingereza. Nilimpenda kwa hilo.

La pili likawa dogo kupita kiasi: mwaka fulani wilaya fulani walipewa vyeti watu wangapi? Ukipata orodha unahesabu, ukimaliza kuhesabu umemaliza. Swali linalokwisha kwa namba moja halikubakishii la kufikiri.

La tatu lilikuwa baya kuliko yote, ingawa lilionekana la kishujaa: kwa nini watumwa waliendelea kudhulumiwa baada ya 1897? Jibu limo ndani ya swali. Hakuna karatasi ambayo ingeweza kumfanya abadilishe neno hata moja. Kila atakachokiona atakitia katika kapu la dhuluma, na asichoweza kukitia atakiacha. Nikamwambia ajiulize kila mara: ni kitu gani nikikiona kitanishangaza? Kama hakipo, basi huulizi, unahubiri.

Wiki mbili zikapita hivyo. Nakiri kwamba nilikaribia kumwambia achague mada nyengine, khasa kwa vile alianza kuzungumza habari ya kwenda vijijini kuwahoji wazee. Hapo nilimkataza, na sikuficha sababu. Pemba si kubwa. Kila mtu anajua, au anadhani anajua, nani katoka wapi. Ukienda kwa mzee ukamuuliza kama babu yake alikuwa mtumwa, umeshamwambia jirani anayepita barazani kwamba una sababu ya kuuliza. Mzee atasema hapana, na hapana yake haitakufunza kitu. Au atasema ndiyo, na mjukuu wake atachumbia mwaka ujao akakumbushwa. Wapo wanaosema historia haina budi kuumiza. Labda. Lakini anayeumizwa si yule anayepata shahada.

Mlango tuliupata kwa bahati. Kijana alikuwa akisimulia habari ya ugomvi wa mirathi katika jamaa zake, ugomvi wa shamba la mikarafuu, kama zilivyo nusu ya hadithi za huku kwetu. Na mimi nikakumbuka fikihi niliyosoma nikiwa mdogo. Katika madhehebu ya Shafii, mtu aliyemwacha huru mtumwa wake anabaki na fungamano naye linaloitwa walaa. Huru yule akifa, na hana mtoto wala ndugu wa nasaba wa kumrithi, basi baada ya kila mwenye fungu kupewa fungu lake, kinachobaki huchukuliwa na yule aliyemwacha huru, au akiwa naye kafa, na wanawe wanaume.

Sasa fikiria, msomaji, hali iliyozaliwa na amri ya 1897. Mtu kaenda mahakamani, kapewa cheti cha uhuru. Bwana wake kalipwa fidia. Miaka ishirini baadaye mtu yule anakufa kwenye kibanda chake bila mtoto. Nani aliyemwacha huru? Bwana, ambaye hakutaka na kalipwa? Serikali, ambayo si mtu? Au hakuachwa huru na yeyote, kwa kuwa kwa watu wengi wa zama zile mtumwa hatoki utumwani ila kwa ulimi wa bwana wake? Ukichagua jibu moja, mali inakwenda kwa watoto wa bwana. Ukichagua jengine, inakwenda Beit-el-mali. Mtu anaweza kubishana juu ya uhuru barazani mwaka mzima bila ya hasara, lakini hapa pana jembe, pana mkeka, pana rupia kadhaa, na lazima mtu mmoja aondoke navyo.

Na ubishi kama huu huandikwa. Katika Nyumba ya Nyaraka iliyoko Kilimani, Unguja, yamo majalada ya mirathi na ya mahakama ya Pemba ya miaka ile. Elisabeth McMahon, mwanahistoria aliyetoa kitabu chake juu ya Pemba mwaka 2013, ameyatumia kwa wingi katika kufuatilia jinsi waliokuwa watumwa walivyotafuta heshima. Kwa hiyo hazina si ya siri. Lakini yeye alikuwa na swali lake, pana, na miaka ya kulifuata. Kijana alihitaji lake, la miezi mitatu.

Siku ile tuliliandika hivi: Kati ya mwaka 1910 na 1925, walipofariki Pemba watu waliokuwa watumwa bila ya kuacha mtoto, ni nani walijitokeza kudai mali zao, na walitoa hoja gani?

Angalia kila neno lilivyowekwa. Miaka imeanzia baada ya amri ya masuria, ili sheria isibadilike katikati ya utafiti, na imekomea pale ambapo wengi wa waliokuwa watu wazima mwaka 1897 wangali wakifa mbele ya mashahidi wanaowajua. Neno "walijitokeza" limewekwa badala ya "walirithi", kwa sababu uamuzi wa hakimu unatufunza sheria, lakini dai la mtu linatufunza alichodhani majirani watakikubali. Na "hoja gani" imeachwa wazi kabisa. Huenda watoto wa mabwana ndio waliojaa mlangoni. Huenda hawakuja kabisa. Lolote kati ya hayo lingemshangaza mtu.

Kabla hajapanda boti Mkoani nilimfanyia mazoezi kwa jalada la kubuni, nililolishona mwenyewe ili nisimtaje marehemu wa watu. Nalisimulia hapa kwa sababu kazi yote imo humo.

Amekufa mtu shambani karibu na Wete. Karatasi inamwita kwa jina lake na "bin Abdalla". Kijana akaandika: baba yake, Abdalla. Nikamsimamisha. Mtu aliyetekwa mdogo bara, na ambaye baba yake hajulikani huku, mara nyingi aliitwa mwana wa Abdalla, yaani mja wa Mungu, kama jina la kujazia nafasi. Basi hilo jina laweza kuwa baba, na laweza kuwa alama ya kukosekana kwa baba. Usiandike usichokijua, andika jina lilivyo, na pembeni alama ya kuuliza.

Ameacha kibanda, jembe, kanzu mbili, na rupia 14 ambazo muuza duka anamdai yeye, au yeye anamdai muuza duka; mwandishi kaandika vibaya. Wamekuja watu watatu. Wa kwanza ni mke, na hana ubishi: kwa kuwa hapana mtoto, fungu lake ni robo. Wa pili ni mtoto wa aliyekuwa mwenye shamba, anasema marehemu alikuwa "mtu wetu". Wa tatu ni mjoli wake, yaani aliyekuwa mtumwa pamoja naye wa bwana mmoja, anasema yeye ndiye aliyemuuguza na ndiye aliyenunua sanda.

Nikamuuliza kijana: nani mwenye haki zaidi? Akasema mjoli, kwa haraka. Nikamwambia moyo wako umesema kweli, lakini jalada halijasema. Ujoli si sababu ya kurithi. Hata hivyo sanda na gharama za maziko hutolewa mwanzo, kabla ya deni, kabla ya wasia, kabla ya mrithi yeyote. Kwa hiyo mjoli anayedai bei ya sanda haombi hisani. Ameingia kwa mlango pekee ambao sheria ilimwachia wazi. Na kwa mtafiti mlango huo ni wa thamani, kwani pale penye mwenye kununua sanda unajua nani alikuwapo siku ya kifo. Ukitaka kujua jamaa wa mtu asiye na jamaa, tafuta nani kamzika.

Halafu lile neno, "mtu wetu". Kwa Kiswahili mtu wa fulani anaweza kuwa mtumwa wake, huru wake, mwenye kulima kwake kwa ruhusa, au mfuasi wake tu. Shahidi kasema kwa Kiswahili; karani kaandika kwa Kiingereza au kwa Kiarabu; na katika kuvuka, neno lenye milango minne limebaki na mmoja. Kwa hivyo kijana asiandike kwamba marehemu alikuwa huru wa jamaa ile. Aandike kwamba mdai kamwita hivyo, na karatasi imelitafsiri vile.

Nilimfunza pia kuchora jedwali katika daftari kabla ya kusoma jalada la kwanza: jina lilivyoandikwa, mahali, mwaka, mali, nani kadai, kwa hoja gani, nani kapinga, hakimu kasemaje. Jalada lisilo na jibu katika chumba kimoja lisijazwe kwa kukisia; chumba kiachwe kitupu. Na miaka ya Hijra aibadilishe mmoja mmoja kwa jedwali la tarehe. Wapo wanaojumlisha 583 wakaridhika, kwa kuwa Aprili 1897 ilikuwa mwaka 1314. Lakini mwaka wa Hijra ni mfupi kwa siku kama kumi na moja, na kufika Aprili 1920 ulikuwa mwaka 1338, tofauti imeshakuwa 582. Kosa la mwaka mmoja ni dogo mpaka pale linapomfanya shahidi afe kabla ya kutoa ushahidi.

Kisha tukazungumza juu ya wale ambao majalada haya hayawezi kuwaonyesha, na hapa ndipo hoja ya kijana ya siku ya kwanza iliporudi na mimi sikuweza kuikwepa. Jalada lipo kwa sababu palikuwa na kitu cha kugombewa. Aliyekufa bila jembe hana jalada. Aliyekufa na watoto wake wakagawana kwa amani hana jalada. Suria aliyemzalia bwana wake mtoto hamo, kwani mtoto huyo ni huru na ni mrithi kama ndugu zake, na mama huyo hafi bila ya mtoto. Aliyetoroka akavuka bahari hamo. Wanaobaki ni watu wachache wa namna ya pekee: wapweke, wenye vijimali, waliogombewa baada ya kufa. Mtu asitoke Kilimani na majalada hayo akasema hivi ndivyo walivyoishi watumwa wa Pemba baada ya uhuru.

"Basi bado nimewaacha maelfu," akasema.

Umewaacha, nikamwambia. Lakini fikiri ungewafanyia nini katika ile mada yako ya kwanza. Ungesema waliteseka. Ungelisema mara ishirini, kwa maneno tofauti, na hakuna hata mmoja kati yao angepata jina. Mimi naona ipo dhuluma ndogo katika kuzungumza juu ya watu kwa wingi tu, na yule aliyewanunua pia aliwahesabu kwa wingi. Sikusema kwamba swali dogo ni bora kwa sababu ni dogo. Ni bora pale linapokulazimisha ukae na karatasi ya mtu mmoja mpaka ujue nani kamnunulia sanda, na pale linapokutaja waziwazi wale usiowafikia. Hakukubali sana. Aliniambia anahofia kwamba msomaji atasoma juu ya majembe na kanzu akasahau mjeledi. Hofu hiyo bado sijaipatia dawa, na nikisema ninayo nitakuwa namdanganya msomaji wangu.

Akaenda Unguja na penseli zake, maana katika chumba cha kusomea nyaraka kalamu ya wino ni adui. Kibali kilimchelewesha siku kadhaa. Mwandiko wa Kiarabu ulimshinda mwanzo, pamoja na chuo chote alichosoma utotoni, kwani msahafu umeandikwa ili usomeke na karani kaandika ili amalize. Akapata mzee wa kumsaidia, wakazoeana. Alikuwa akinipigia simu usiku kunieleza vyumba vya jedwali lake vinavyojaa. Mara nyengine alicheka. Mara moja alinambia juu ya mkeka uliodaiwa na watu wawili, akanyamaza kwenye simu muda mrefu.

Mwezi wa pili alirudi Pemba ghafla, hakuniarifu. Alikuja baada ya alasiri kama siku ile ya kwanza, akakaa pale pale kwenye mkeka. Daftari lilikuwa limekwisha kuwa chakavu. Akalifungua katika ukurasa mmoja na kunisogezea bila ya neno.

Katika chumba cha mdai lilikuwamo jina la kijiji chao, na jina la mtu, na ubini wake. Alikuwa baba wa babu yake. Amekuja mbele ya hakimu akasema marehemu alikuwa huru wa jamaa yao, na kwamba baada ya robo ya mke kilichobaki ni chake kwa walaa. Mjoli alipinga. Kijana alikuwa amenakili maneno ya yule mjoli yote, hata yale yasiyohitajika kwa swali lake, kwa mwandiko mdogo uliojaa mpaka pembezoni.

"Kwetu tunahadithiwa kwamba alikuwa mtu mkarimu sana," akasema.

Nikamwambia huenda alikuwa.

"Nimefikiri niliache jalada hili. Yapo mengine ya kutosha."

Sikumwambia aache wala asiache. Nilimuuliza tu kama lingekuwa la jamaa ya mtu mwengine angeliacha. Alitazama daftari. Kisha nikamwambia jambo jengine, kwamba katika kazi itakayosomwa na watu hakuna haja ya jina la yeyote kati yao, wala marehemu, wala mdai, wala kijiji. Atawapa namba wote kwa mpango mmoja, na karatasi ya kuoanisha namba na majina ataiweka kwake. Lile analoliomba kwa babu yake awe amelitoa kwa babu za wengine pia, na lile alilolichukua kwa wengine alichukue kwake.

Alikaa mpaka magharibi ikaadhiniwa, akaniomba penseli, kwa kuwa yake ilikuwa imekwisha. Jalada lile likawa namba 17.

Baadaye, alipokuwa anavaa viatu mlangoni, alinambia anataka kuongeza chumba kimoja katika jedwali, kwa majalada yote, na itambidi arudi Kilimani ayapitie upya tangu la kwanza. Nikamuuliza chumba cha nini. Akasema anataka kujua, kila pale mtoto wa bwana alipokuja kudai, kama alikuwa amefika mazikoni.